Dhamana Peke Yake Haimlindi Mkopeshaji

Wako wanachama wetu wanaosema kuwa mkopo wenye dhamana hauna hasara. Hatukubaliani nao, na tutatoa mfano, wa kubuni kwa hesabu zake, kutoka wilaya ya Same, ambako wakulima wa Mamba Miamba katika milima ya Upare hulima tangawizi kama sisi tulimavyo karafuu.

Tuseme chama cha mikopo kimewakopesha wakulima 40, kila mmoja Sh. 1,000,000, walipe pamoja na riba ya Sh. 100,000 wakishavuna. Mwenye duka mjini Same hulipa kila mwezi na deni lake hupungua. Mkulima hulipa mara moja tu. Basi akishindwa, fedha iliyo hatarini ni Sh. 1,100,000 kamili.

La pili ni uwezekano wa kushindwa. Katika daftari la chama, mikopo 10 katika kila 200 ilipitisha siku 90 bila kulipwa, yaani 5 kwa 100. Lakini daftari likiwa la miaka ya neema tu, hesabu hiyo itatudanganya.

La tatu ni sehemu inayopotea. Ng'ombe wa dhamana wauzwa Sh. 640,000; gharama za kufuatilia deni ni Sh. 200,000; chama chapata Sh. 440,000. Zimepotea Sh. 660,000, ndiyo 60 kwa 100 ya deni.

Zidisha yote matatu: 0.05 × 0.60 × 1,100,000 = Sh. 33,000. Hiyo ndiyo hasara ya kutarajiwa kwa kila mkopo, na kwa mikopo 40 ni Sh. 1,320,000. Fedha hiyo yatakiwa itoke katika riba na iwekwe kando tangu siku ya kukopesha, wala si baada ya mtu kukimbia deni.

Hapo wengi hufunga daftari, na hapo ndipo sisi tunapoogopa. Wakulima wale 40 wauza zao moja katika soko moja. Bei ikianguka hawashindwi wawili. Pengine watashindwa 12 kwa pamoja. Ng'ombe wao nao watafikishwa mnadani wiki moja, bei ya ng'ombe ishuke, na sehemu inayopotea ifike 80 kwa 100. Sasa hasara ni 12 × 0.80 × 1,100,000, yaani Sh. 10,560,000, mara nane ya ile iliyotarajiwa, na riba yote ya wakulima 40 ni Sh. 4,000,000 tu.

Hasara ya kutarajiwa ni wastani wa miaka mingi. Mwaka mbaya hulipwa kwa akiba ya chama, na mwenye akiba ndogo heri akopeshe wachache, au achanganye wakulima na wenye maduka. Sisi wa karafuu, ambao mikarafuu yetu huzaa pamoja na kugoma pamoja, tusimcheke mtu wa Upare.