Mistari miwili mbele ya «Voir plus»

Wamama na dada zangu, jambo. Hapa kwenye karatasi naweza kuwasalimia pole pole, sababu karatasi yote iko wazi mbele yenu. Kwenye telefone si hivyo. Jirani yangu aliyafahamu hayo kwa hasara, na yeye mwenyewe amenipa ruhusa niwaeleze.

Jirani huyo anatengeneza fromaji hapa Masisi. Anatafuta wenye maduka na oteli za Goma wanunue kwake moja kwa moja. Mtoto wake alimfungulia ukurasa kwenye Facebook na LinkedIn, naye akaandika habari ndefu ya kazi yake, yenye kila kitu: maziwa, chumvi, siku za kukomaa, bei na namna ya kuagiza. Watu wengi wakabonyeza kidole cha kupenda. Chini yake wakauliza: «Unauza nini, mama?» «Uko wapi?» Majibu yote yalikuwa ndani. Ndipo akaniletea telefone akisema, «Mwalimu, watu hawa hawajui kusoma?»

Wanajua. Ila walikuwa hawajafungua. Habari ikiwa ndefu, telefone inaonyesha mistari ya kwanza tu, kisha inakata na kuweka neno la kubonyeza, «Voir plus». Kwenye LinkedIn, ukisoma kwa telefone, kinachoonekana ni karibu herufi 140, ukihesabu na nafasi kati ya maneno. Telefone moja inazidisha kidogo, nyingine inapunguza. Mimi nashika 140, nisidanganyike.

Tukahesabu pamoja mwanzo wake:

«Jambo sana ndugu na dada wote. Ni kwa furaha kubwa ninachukua nafasi hii leo ili kuwashirikisha mambo machache kuhusu safari ya kazi yangu…»

Hapo herufi 140 zimekwisha, na neno fromaji halijatajwa. Mtu wa Goma ameona salamu na furaha, akajibu kwa kidole cha kupenda, akapita. Hakuna ubaya aliofanya. Ameitikia salamu, basi.

Najua kwetu hauingii nyumbani mwa mtu ukianza na bei. Salamu ni adabu. Lakini hapa msomaji yuko njiani, hajaketi. Salamu tuliihamisha: haikufa, ilishuka hadi mstari wa tatu, mahali anapofika yule aliyekubali kufungua. Jambo jingine: mtoto alikuwa ameacha mstari mtupu chini ya salamu ili ipendeze. Mstari mtupu nao unahesabiwa kama mstari. Ukiandika «Jambo wote», ukaruka mstari, unaweza kuwa umemaliza nafasi yako kwa maneno mawili. Ni vile vile ukianza kwa kuita majina ya watu kumi.

Mara ya pili mtoto akajaribu peke yake: «Hamtaamini jambo lililompata mama yangu!» Mwanzo huu watu wanaufungua. Lakini wanaofungua ni wale wanaotafuta kisa, si wenye maduka. Na wakikuta ndani ni bei ya fromaji wanakasirika, na siku nyingine hawafungui tena. Hapa kwetu kuna sababu nyingine ya kuacha mwanzo kama huo. Mtu mwenye ndugu Masisi au Walikale akisoma «jambo lililompata mama», moyo unaruka, anafikiri ni vita. Hatuuzi fromaji kwa kushtua watu.

Ndipo nikamuuliza mama maswali mawili, yale ninayowauliza wanafunzi mbele ya insha. La kwanza: unasema na nani? Akajibu, na mwenye duka. La pili: mwenye duka anaogopa nini? Hapo akanyamaza kidogo, kisha akaniambia jambo ambalo alikuwa amelificha katikati ya habari yake. Mwaka uliopita, fromaji mbili katika kila kumi zilikuwa zinavimba ndani ya siku za kwanza na kujaa matundu. Kilo moja ya fromaji inakula karibu lita 10 za maziwa. Mviringo wa kilo 2 ukitupwa, lita 20 zimekwenda. Kwa miviringo kumi alikuwa anapoteza lita 40. Mwenye duka anaogopa kitu hicho hicho: kununua fromaji itakayomvimbia dukani.

Tukaandika hivi:

«Mwaka jana fromaji mbili katika kila kumi zilivimba, nikazitupa. Leo hazivimbi. Nilibadilisha jambo moja: namna ya kupokea maziwa.»

Hesabuni: ni herufi 130. Zinaingia zote, na nafasi kidogo inabaki. Tazameni kazi ya kila kipande. Neno fromaji liko mapema, kwa hiyo mwenye duka anajua habari hii ni yake. Hesabu ya mbili katika kumi inaonyesha mtu anayepima kazi yake. Na mwisho unamwonyesha mlango bila kuuvunja: anajua jibu linahusu maziwa, ila hajajua ni nini kilichofanywa. Tungeandika na bei na namna ya kuagiza hapo juu, angekuwa amejua yote bila kuona sababu ya kutuamini.

Mstari unaofuata «Voir plus» sharti ulipe deni. Tuliweka jibu pale pale: maziwa yalikuwa yanaletwa ndani ya bido za plastiki. Bido ikikwaruzika ndani, uchafu unajificha, na vijidudu vyake vinatoa hewa inayovimbisha fromaji. Sasa anapokea maziwa ya ndoo za aluminiamu tu, zilizooshwa kwa maji ya moto, na anayachuja kwa kitambaa kilichochemshwa. Kisha ikaja salamu, kisha uzito na bei, na mwisho namna ya kuagiza. Siku ya kusafirisha na njia gari inayopita hatukuandika kabisa, wala juu wala chini. Hayo yanasemwa kwa sauti na mnunuzi unayemjua.

Mbele ya kuituma tulijaribu kama darasani. Nilinakili habari kwenye daftari, nikafunika kwa kiganja yote yaliyo chini ya herufi 140, nikamwita binti wa mwaka wa sita anisomee. Nikamuuliza: habari hii ni ya nini? «Ya fromaji.» Unataka kujua nini sasa? «Alibadilisha nini.» Mtoto akishindwa swali la kwanza, mwanzo wako hauko wazi. Akishindwa la pili, umesema yote au hujasema kitu. Na ikiwa umekwisha kutuma, hujachelewa: Facebook na LinkedIn zinakuruhusu kurekebisha. Iangalie kwenye telefone ndogo ya mtu mwingine, si yako.

Safari hii vidole vya kupenda vilikuwa vichache kuliko mara ya kwanza, na mtoto akahuzunika. Lakini mwenye duka mmoja wa Goma aliandika chini: «Mama, kitambaa unakichemsha muda gani?» Kitambaa kilikuwa mbali ndani ya habari. Mtu huyo alifungua, akasoma. Mama alimjibu jioni ile ile, na siku ya posho iliyofuata mviringo wa kwanza ukamfikia.