Pawa benki ya 50000 mAh inayotoshea mfukoni? Hebu piga hesabu kwanza

Wiki jana binamu yangu alinitumia picha mbili kwenye WhatsApp. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya muuza vifaa vya simu hapa Voi, karibu na steji, na alikuwa ashaitoa elfu moja mia mbili mfukoni. Swali lilikuwa moja: "Ni poa ama nachezwa?" Mwezi ujao anasafiri kwenda Qatar kutafuta kazi, kwa hivyo haikuwa stori ya kuchaji simu tu.

Picha ya kwanza ilionyesha upande wa mbele, 50000mAh kwa herufi kubwa za dhahabu. Ya pili ilikuwa ya mgongo. Huko ndiko kwenye maneno, kwa maandishi madogo kama ya mkataba wa mkopo. Nilivuta picha karibu nikasoma hivi:

```
3.7V 10000mAh 37Wh
Rated capacity: 5800mAh (5V/2A)
```

Anza na hiyo Wh, kwa sababu ndiyo kipimo cha nishati yenyewe. Unachukua mAh, unazidisha kwa volti 3.7, kisha unagawanya kwa 1,000. Elfu kumi inakupa 37, sawasawa na ilivyoandikwa. Elfu hamsini ingekupa 185. Kumbe mgongo unaukana uso wake mwenyewe.

Na ile 5,800 si uongo. Seli za ndani zina volti 3.7 lakini simu inapokea volti 5, kwa hivyo ile 37 ukiigawanya kwa 5 unapata 7,400. Toa inayopotea kama joto wakati wa kupandisha volti, unabaki karibu na 5,800. Hata pawa benki ya ukweli lazima ishuke hivyo, kwa hivyo usiogope ukiona namba mbili. Ogopa zisipoelewana.

Sasa tuseme mgongo hauna maandishi, ama umefutika. Mwambie muuzaji aweke kadi ya ATM kando yake, halafu piga picha kutoka juu. Kadi zote za benki zina urefu wa sentimita 8.6 na upana wa 5.4, kwa hivyo hiyo ndiyo rula yako. Ya binamu ilitoka urefu wa 14, upana 7, na unene kama 2.

Wazia ndani kumejazwa zile seli za mviringo za tochi za kuchaji, zinazoitwa 18650. Jina ni vipimo vyake: milimita 18 kwa 65. Kwenye hilo boksi zinaingia tatu kwa upana na mbili kwa urefu, safu moja tu. Jumla sita. Seli nzuri ya aina hiyo hubeba kama 3,500 mAh, kwa hivyo hata ukiweka za bei kali unafika 21,000. Seli bapa zinaweza kubanwa zaidi kidogo, lakini si mara mbili. Elfu hamsini ingetaka seli kama 15, na hizo peke yake zina uzito wa gramu 700. Hiyo ni zaidi ya nusu kilo, bana, na huwezi kuitembeza mfukoni.

Picha ina mipaka yake, lakini. Haikuonyeshi kama seli ni mpya ama zimetolewa kwa laptopu kuukuu. Uzito nao si dhamana, kwa sababu kuna wanaojaza mchanga. Kama ushanunua, tazama saa: imalize chaji kabisa, kisha ichomeke kwa chaja ya wati 10. Ya 185 Wh haiwezi kujaa chini ya saa 18. Ikijaa kwa saa nne au tano, hiyo ni 10,000 ama chini yake, hata iandikwe milioni.

Nilimwambia binamu kwamba hiyo itajaza simu yake ya 5,000 mAh mara moja na nusu hivi, basi. Kwa bei hiyo anaweza kuamua mwenyewe.

Lakini kuna shida ya pili. Ndege hukubali pawa benki hadi 100 Wh kwenye mkoba wa mkononi. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika la ndege, na zaidi ya 160 haipandi. Askari wa ukaguzi pale Mombasa hatapiga hesabu ya seli. Atasoma 50000 na kuitoa. Yaani unanunua ndogo, halafu unanyang'anywa kwa sababu ya kubwa ambayo hukuwahi kuwa nayo.

Alirudisha pesa mfukoni. Kando yake kwenye meza ileile kulikuwa na nyingine, nene zaidi, imeandikwa 20000mAh na 74Wh mbele na nyuma. Hesabu hiyo unaweza kuimaliza mwenyewe.