Saa za foleni Mbaraki alipe nani?

Bei ya safari ya lori kutoka Mombasa hadi Nairobi haigombanishi watu sana. Mwenye lori na mwenye mzigo huivutana siku moja wakaafikiana, basi. Ugomvi huja baadaye, ankara inapofika ikiwa na mistari miwili ya ziada, mmoja wa mafuta na mwingine wa kusubiri. Wapo wanaotaka Serikali iingilie kati na kutangaza saa za bure pamoja na faini ya kila saa inayozidi. Mimi nadhani sheria ya bei haitamfaa mwenye malori matatu yanayopakia kwenye maghala ya Mbaraki. Kinachomkosesha pesa zake ni karatasi anayorudi nayo dereva.

Tuchukue mfano wa safari moja, viwango vyake nimevichagua mwenyewe ili hesabu ifuatike. Bei ni shilingi 130,000, na mkataba ulifungwa Agosti 2023, dizeli ikiuzwa shilingi 179.67 jijini Nairobi. Lori linapanda na mzigo na kushuka tupu, safari nzima likitumia lita 380. Saa 12 za kwanza za kupakia ni za bure, na kila saa inayozidi hutozwa shilingi 600. Lori linafika geti la ghala Mbaraki Jumatatu tarehe 18 Septemba, saa mbili asubuhi, na kumaliza kupakia Jumanne saa nne asubuhi.

Mafuta kwanza, maana hayo ni mepesi. Mamlaka ya kusimamia nishati, EPRA, hutangaza bei kila tarehe 14, nazo huanza kutumika tarehe 15. Tangazo la Septemba 2023 liliipandisha dizeli ya Nairobi hadi shilingi 200.99, yaani nyongeza ya shilingi 21.32 kwa lita. Zidisha kwa lita 380, unapata shilingi 8,102. Kampuni nyingi hupenda kuandika asilimia badala yake, kwamba mafuta ni asilimia 40 ya bei, kwa hiyo dizeli ikipanda kwa asilimia 10 nauli ipande kwa 4. Ukiitumia kanuni hiyo hapa utapata kama shilingi 6,170, na pengo la karibu shilingi 2,000 litatoka mfukoni mwa mwenye lori. Sababu ni kwamba katika safari hii dizeli ilikuwa imeshapita nusu ya nauli tangu siku mkataba ulipofungwa. Ile 40 haikupimwa kwenye tangi la mtu yeyote.

Hesabu ya lita ina haki nyingine pia: inashuka. Aprili 2024 dizeli ya Nairobi ilirudi shilingi 180.38, na nyongeza ya safari hiyohiyo ikawa shilingi 270 tu. Mwenye lori anayeidai nyongeza ya Septemba hadi Aprili hana tofauti na mteja aliyeikataa Septemba. Mambo mawili tu yaandikwe mapema: ni bei ya mji gani inayofuatwa, kwa kuwa ya Mombasa huwa chini kidogo ya Nairobi, na ni tarehe ipi inayohesabiwa. Mimi ningechagua tarehe ya kupakia, kwani imo kwenye hati tayari.

Kusubiri ndiko kwenye kesi. Kuanzia Jumatatu saa mbili asubuhi hadi Jumanne saa nne ni saa 26. Ukitoa 12 za bure zinabaki 14, yaani shilingi 8,400. Lakini mhasibu wa mteja, akiwa ofisini Nairobi, anaangalia ile delivari na kuona mhuri mmoja na tarehe moja. Anauliza swali la haki kabisa: nani alisema lori lilifika saa mbili?

Dereva alisema. Tena kwa mkono wake, "saa 2", na karani aliyezoea saa za kompyuta anaisoma saa nane mchana, kisha anazikata saa sita, ambazo ni shilingi 3,600. Kifaa cha kufuatilia lori nacho hakitoshi. Kitaonyesha kwamba gari lilisimama Barabara ya Mbaraki usiku kucha, ila hakiwezi kuonyesha kwamba dereva alikuwa amejiandikisha getini. Huenda alikuwa kwenye mkahawa akingoja simu ya wakala wa forodha.

Wenye mizigo wana hoja, na si ndogo. Lori likija bila miadi, au likifika Ijumaa adhuhuri watu wakiwa msikitini, au karatasi za forodha zikawa hazijakamilika, mwenye ghala hana kosa lolote. Wanasema pia kwamba tozo ya kusubiri ni njia ya kupandisha bei kwa mlango wa nyuma. Hiyo ndiyo sababu sioni jinsi Serikali itakavyoweka kiwango kimoja kwa saa za aina zote hizi. Saa iliyopotea kwa winchi kuharibika si sawa na iliyopotea kwa ushuru kutolipwa, na ya pili adaiwe mwenye mzigo au wakala wake, si ghala.

Linalowezekana ni kugawanya ushahidi. Sasa hivi tunamtaka mtu mmoja, mtunza ghala, atie sahihi kwa kila kitu. Yeye anajua mifuko mingapi imepakiwa na namba ya lakiri. Lori lilifika lini hajui, na hana hamu ya kuandika jambo litakalomgharimu mwajiri wake. Anayejua ni askari wa getini, mwenye daftari lake. Basi hati iwe na sehemu mbili. Askari aandike saa ya kuingia na ya kutoka, kwa tarakimu za saa 24, atie sahihi palepale. Mtunza ghala aandike saa ya kuanza na kumaliza kupakia, idadi, na kasoro kama zipo. Nairobi kwenye kushusha iwe vivyo hivyo. Kama sheria itatungwa, iishie hapa: geti lisikatae kuandika saa ya lori kufika.

Tena kuna suala la ankara yenyewe, ambalo wenye malori wengi hulipuuza. Tangu Januari 2024 mteja hawezi kuhesabu gharama yake kwa kodi bila ankara ya eTIMS ya KRA, na ankara ikishatumwa haifutwi wala kurekebishwa, hutolewa hati ya kupunguza deni. Ukiweka zile 8,400 kwenye ankara moja na nauli, mhasibu mwenye shaka nazo ataizuia ankara nzima. Mwenye lori aliyesajiliwa kwa VAT atailipa asilimia 16 ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, awe amelipwa au la, na kwa nauli na mafuta pekee hiyo ni shilingi 22,096. Wahasibu watalalamika, lakini ningetoa ankara mbili zenye namba moja ya safari: ya nauli na mafuta siku hati inaporudi, na ya kusubiri kando, ikiambatana na nakala ya sehemu ya askari.

Faida yake inaonekana mteja anapokataa kabisa. Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Mwenye lori mwenye madai kumi ya shilingi 8,400 dhidi ya mteja mmoja anaweza kuyapeleka pamoja bila kuigusa nauli aliyokwisha kulipwa. Atakachoulizwa kule ni kilekile alichouliza mhasibu.