Tajiri, Chupa Ambayo Haikufika Nitairudishaje?

Tajiri, shikamoo. Salamu zangu zinaishia hapo, maana barua hii haikuja kukujulia hali. Imekuja kudai.

Na wewe mwenye duka mwenzangu, unayeisoma umeegemea kaunta, usijifanye haikuhusu. Mzigo ulionifika mimi Jumanne ndio ule ule ulioufungua wewe juzi, ukaguna, ukaupanga kwenye shelfu. Umelala. Nitakuamsha, lakini ngoja kwanza nimalizane na tajiri.

Tajiri, uliniandikia ankara ya shilingi 1,320,000. Mifuko 4 ya sukari ya kilo 50. Katoni 10 za mafuta ya kula, kila katoni chupa 12 za lita moja. Mifuko 5 ya unga wa ngano ya kilo 25. Nikalipa yote kabla gari halijawashwa. Ulihesabu ukakuta imepungua hata shilingi 100? Hukukuta. Pesa ya maskini hufika kamili, maana isipofika kamili mzigo hautoki.

Sasa sikia kilichoshushwa mlangoni kwangu.

Sukari niliipandisha kwenye mizani, mfuko mmoja mmoja, dereva wako akiwa amesimama pale. Mifuko miwili ilisoma kilo 50. Miwili ilisoma 48. Tazama mdomo wa mfuko, tajiri. Mshono wa kiwandani ni mnyororo: ukiupata uzi wake upande unaostahili, unavuta mara moja na wote unafumuka. Ile mifuko miwili iligoma kufumuka. Ilikuwa imeshonwa kwa mkono, na pembeni ya uzi mpya matundu ya sindano ya zamani yalikuwa bado yako wazi, yananitazama. Kiwanda hakishoni mfuko mmoja mara mbili. Nani alifungua?

Mafuta nayo. Katoni moja ilikuwa na utepe wa plastiki juu ya utepe wa kiwandani. Ndani, chupa 11, na mahali pa ile ya 12 pamesokomezwa kipande cha boksi kilichokunjwa vizuri ili katoni isilie ikitikiswa. Hiyo ni bahati mbaya? Boksi lilijikunja lenyewe? Katoni nyingine ilikuwa na chupa mbili zilizopasuka, kitako cha katoni kimelowa mafuta.

Unga ndio ulionimaliza. Mifuko miwili ilikuwa imelowa chini. Ukiibonyeza unakutana na madonge, ukiinusa unapata harufu ya uvundo. Dereva akaniambia ni mvua ya njiani. Mvua gani? Alama ya maji ilikuwa imeshakauka, imeacha ukingo wa kahawia kuzunguka mfuko. Maji ya saa ile hayaachi ukingo mkavu. Unga ule ulilowa zamani, sakafuni kwako, ukakauka ukiwa kwako, kisha ukapakiwa kwa ajili yangu.

Kwangu mimi! Kwa sababu mimi ni mdogo. Kwa sababu mwenye supamaketi ana karani wa kupokea mzigo, na mimi nina mtoto wa shule anayenisaidia jioni.

Najua utakachosema: "Ni vitu vidogo tu, tusigombane, biashara haigombi." Haya, tuhesabu udogo wake. Kwa bei uliyonitoza, kilo 4 za sukari, chupa 3 za mafuta na mifuko 2 ya unga ni shilingi 105,400. Katika ankara yako hiyo haifiki shilingi 8 katika kila shilingi 100. Kwako ni vumbi.

Kwangu je? Sukari umeniuzia shilingi 2,600 kwa kilo, nami nauza 2,800. Chupa ya mafuta nanunua 5,000, nauza 5,500. Mfuko wa unga nanunua 40,000, nikiupima kilo kilo napata 45,000. Mzigo wote ungefika salama, ungeniachia faida ya shilingi 125,000. Vile vilivyopungua na kuharibika, kwa bei ninayouza, ni shilingi 117,700.

Toa. Imebaki shilingi 7,300.

Soma tena, mwenye duka mwenzangu. Shilingi 7,300, na bado kodi ya pango, bado umeme, bado mchango wa ulinzi wa mtaa, bado ada ya mtoto. Tajiri amepunja kidogo kwenye mzigo, lakini amekula karibu faida yote. Ndiyo maana unauza asubuhi hadi saa nne usiku, duka halikauki wateja, na mtaji unazidi kusinyaa. Unadhani umerogwa? Unamshuku mkeo? Unamfukuza kijana wa duka ukisema anaiba? Kikulacho ki nguoni mwako, na kinakuja na ankara.

Turudi kwenye majibu yako, tajiri. Nilipokupigia simu ulinijibu mara tatu, na majibu yote matatu hayasimami.

Kwanza ulisema, "Umeshasaini." Ndiyo, nimesaini. Tafuta nakala yako usome nilichosaini. Chini ya yale maneno yenu ya kuchapwa, kwamba mzigo umepokelewa ukiwa kamili na salama, nimeandika kwa kalamu: sukari mifuko miwili kilo 48, mafuta katoni moja chupa 11, katoni moja chupa mbili zimepasuka, unga mifuko miwili imelowa. Dereva wako ametia sahihi pembeni ya maneno hayo. Alinuna, akasema ana foleni ya kuwahi, lakini alitia. Sasa hiyo sahihi inamshitaki nani?

Pili ukanisomea maandishi ya kwenye risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Tajiri, hebu tuheshimiane. Chupa ambayo haikufika nitairudishaje? Kilo 4 ambazo zimebaki stoo kwako nitazirudisha kutoka wapi? Mimi sirudishi mali. Mimi nadai mali niliyolipia na sijapewa.

Na nchi hii ina sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema muuzaji akileta pungufu ya alichouza, mnunuzi anaweza kuukataa mzigo. Akiupokea huo pungufu, anaulipia kwa kiwango walichokubaliana, yaani analipia kilichofika. Inampa pia mnunuzi nafasi ya kuridhisha ya kukagua mzigo ambao hakuukagua kabla, ndipo ahesabiwe kuwa ameukubali. Hakuna mahali iliposema mdogo alipie hewa.

Tatu ukasema, "Hayo ni ya dereva na utingo, sihusiki." Gari ni la nani? Ni lako. Utingo analipwa na nani? Na wewe. Ningekuja na kirikuu yangu, nikapakia mwenyewe stoo kwako, yaliyotokea njiani ningeyabeba mimi, na sheria ingekuwa upande wako. Lakini uliahidi kunifikishia dukani kwa gari lako. Ugomvi wako na dereva wako ni wa nyumbani kwako. Usiulete kwenye daftari langu.

Sasa wewe, mwenye duka mwenzangu. Zamu yako imefika.

Mara ngapi umesaini karatasi juu ya boneti la gari, injini inaunguruma, mzigo haujashuka hata nusu? Dereva anasema "Fanya haraka, Mangi", nawe unafanya haraka. Haraka ya nani? Saini ile ndiyo mlango wa wizi wote. Kabla ya saini, dereva anakuhitaji. Baada ya saini, wewe ndiye unayemhitaji yeye, na hatakupokelea simu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tulifundishwa tungali wadogo, na bado unapokea mzigo kwa macho. Macho hayapimi kilo 48. Macho hayaoni chupa ya 12 ndani ya boksi. Pandisha mfuko kwenye mizani. Angalia utepe. Pindua mfuko wa unga uone kitako chake, maana ubovu hupangwa chini. Palipo na kasoro andika kwenye nakala zote mbili, yako na yake, dereva atie sahihi papo hapo. Piga picha gari likiwa bado limesimama mlangoni.

Kisha toa taarifa siku hiyo hiyo, kwa maandishi, na mali yenye mgogoro weka kando. Usiiuze! Hapa ndipo wengi tunajikaanga. Unauza zile chupa 11, unachekecha unga uliovunda, baada ya wiki mbili unapiga simu kulalamika. Ukishaiuza umeifanya yako. Ukikaa nayo kimya muda mrefu, sheria inakuhesabu umeikubali. Sheria ile ile inayokulinda asubuhi inakuacha jioni kama umelala.

Najua kinachokufumba mdomo. Unachukua mali kauli, na mwenye deni anaogopa kukohoa. Unaogopa tajiri atakukatia mzigo. Kwa hiyo unafanya nini? Unahamishia machungu kwa mteja. Kilo 48 unaziuza kama 50, kidole kinagusa mizani, robo ya sukari inakuwa robo kasoro. Mtoto aliyetumwa na sarafu zake mkononi ndiye anayelipa chupa iliyobaki kwa tajiri. Ukikamatwa na Wakala wa Vipimo, mizani inayokamatwa na faini inayolipwa ni ya kwako. Tajiri hatakuja kukusimamia.

Na ule unga? Utauza uvundo watu wapikie watoto maandazi? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu utakuangukia wewe, siyo aliyeuloweka unga.

Tajiri, namalizia. Madai yangu ni haya, na hayana neno la fadhila. Kilo 4 za sukari. Chupa 3 za mafuta. Mifuko 2 ya unga mkavu. Au shilingi 105,400 zirudi kwa njia ile ile niliyolipia, pamoja na hati inayosahihisha ankara, ili hesabu zangu zisome ukweli hata mbele ya mtu wa kodi. Mifuko iliyolowa na chupa zilizopasuka nimeziweka kando, sijazigusa. Gari lako likija lizichukue. Nakupa hadi Ijumaa. Baada ya hapo nakala yenye sahihi ya dereva wako, pamoja na picha, nazipeleka mwenyewe: shauri la ile mifuko iliyoshonwa mara mbili kwa watu wa vipimo, na deni langu mahakamani.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na tangu leo, gari lako likisimama mlangoni kwangu, mizani itakuwa imeshatolewa nje. Dereva akiwa na haraka, ageuze na mzigo wake.