Maumivu Yanayoisha Ukisimama

Juzi, kwenye mazishi Makambako, msemaji wa familia alisoma historia ya marehemu akafika mahali pa kusema hivi: "Marehemu hakuwa akiumwa. Asubuhi alikunywa chai, akaaga, akaenda kazini." Muhubiri akayadaka maneno hayo na kuyajengea mahubiri yote, jinsi kifo kinavyomjia mtu mzima wa afya bila hodi. Waombolezaji wakatikisa vichwa. Mimi nilikaa pale damu ikinichemka, kwa sababu hayakuwa ya kweli.

Marehemu alikuwa na miaka 56, mtu wa biashara ya mbao, mwenye nyumba Njombe mjini. Jioni ya kuamkia mazishi mjane wake alikuwa ametusimulia mwenyewe, bila hata kuulizwa. Tangu mwezi wa tano, kila walipopanda kilima cha kwenda nyumbani, mumewe alikuwa akifika kwenye nguzo fulani ya umeme lazima asimame. "Baba watoto anaweka kiganja hapa katikati ya kifua, anasema kinabana kama kimefungwa mkanda. Tunasubiri kidogo. Kisha anasema twende, imeisha." Mwezi wa saba hakuwa anafika tena kwenye nguzo. Alisimama chini yake, penye duka. Huyo ndiye aliyezikwa kwa maneno kwamba hakuwa akiumwa.

Nani alimdanganya? Sisi sote. Kutoka Njombe hadi Makambako, sokoni, stendi, kilabuni kwenye ulanzi, hata makanisani, watu wazima wanaamini kwamba maumivu yanayoachia ukipumzika si ugonjwa. Ugonjwa, wanasema, ni ule unaokulaza. Kinachoisha ukisimama dakika tatu ni baridi, ni gesi, ni umri. Nasema bila kupepesa: kwa mwanamume aliyevuka 50, kifua kinachobana akipanda mlima na kuachia akisimama kinapaswa kumtisha kuliko maumivu mengi yanayomlaza. Kule kuachia hakumtoi mtu kwenye ugonjwa. Kule kuachia ndiko kunakoutambulisha ugonjwa.

Moyo ni msuli, na kama msuli wowote unahitaji damu yake wenyewe. Damu hiyo hauipati kutoka kwenye ile inayopita ndani yake. Inaletwa na mishipa midogo inayouzunguka kwa nje. Kwa miaka mingi mafuta na makovu hujijenga ndani ya kuta za mishipa hiyo, na sigara, presha, kisukari na lehemu huharakisha kazi hiyo. Njia inazidi kuwa nyembamba, mwenyewe hana habari. Akiwa amekaa, mapigo 70 kwa dakika, damu inayopenya inatosha. Akipanda mlima mapigo yanafika 120, presha inapanda, msuli unadai damu nyingi zaidi, na mshipa uliobanwa hauwezi kuitoa. Msuli ukikosa hewa safi unalia, na kilio chake ndicho kule kubanwa. Akisimama, mapigo yanashuka, damu ile kidogo inatosha tena, maumivu yanaondoka. Mshipa haujafunguka hata kidogo. Kilichobadilika ni mahitaji tu.

Madereva wa Makambako wanaelewa jambo hili vizuri kuliko wanavyodhani. Fuso lenye chujio la dizeli lililoziba linakwenda vizuri kwenye tambarare, tena tupu. Lipakie mbao, lielekeze mlimani, linakata pumzi. Hakuna dereva anayesema injini ni nzima kwa kuwa inaunguruma vizuri likiwa limeegeshwa.

Wala haya si mambo mapya yaliyoletwa na mashine. Mwaka 1768, London, daktari William Heberden aliwaeleza wenzake ugonjwa huu kwa kusikiliza wagonjwa tu, miaka zaidi ya 100 kabla ya kipimo cha umeme wa moyo. Alieleza watu wanaoshikwa kifuani wakitembea, hasa wakipanda na wakiwa wametoka kula, na ambao hali hiyo huwaacha mara wanaposimama. Kati ya karibu wagonjwa 100 aliokuja kuwaona, karibu wote walikuwa wanaume waliokaribia au kuvuka miaka 50. Aliuita anjina. Na aliandika pia kwamba wengi wao huishia kuanguka ghafla.

Sasa turudi kwa ndugu yetu wa mbao, kwani njia aliyopita ndiyo wanayopita wengi. Mwezi wa tano aliambiwa ni baridi ya Njombe, avae sweta mbili. Mwezi wa sita duka la dawa likamuuzia vidonge vya kichomi, akavimaliza, mlima ukambana vile vile. Akapigwa picha ya eksirei, mapafu safi, akapongezwa. Kisha ikaja hukumu ya vidonda vya tumbo, ambayo siku hizi kila mtu hapa kwetu lazima ahukumiwe. Akapewa dawa za kupunguza asidi. Katika safari yote hiyo, mjane anasema, hakuna aliyemuuliza swali moja tu: maumivu yanakuja ukifanya nini, na yanaondoka ukifanya nini?

Swali hilo halina gharama, na majibu yake yanatenganisha mambo. Kichomi hakijali mlima. Kinachoma ukivuta pumzi, hata ukiwa kitandani, na mara nyingi huja na homa na kikohozi. Vidonda na kiungulia hufuata chakula na njaa, huweza kukuamsha usiku, na havina sababu ya kuondoka kwa sababu tu umesimama chini ya nguzo. Maumivu ya misuli ya kifua unayapata kwa kubonyeza kwa kidole. Anjina inabana au inalemea, sehemu pana katikati ya kifua, huweza kupanda shingoni na tayani au kushuka mkononi, hasa wa kushoto. Inakuja na jasho la kazi, na inaachia ndani ya dakika tano hivi za kupumzika. Mambo hayo matatu yakikutana, yaani kubana kwenyewe, kuletwa na kazi, kuondolewa na mapumziko, daktari anayesema "vidonda" kabla ya kusema "moyo" anakosea. Na mwenye kisukari asisubiri maumivu. Kwake huenda ikawa ni kuhema tu kusiko kwa kawaida kwenye mlima ule ule.

Baridi, nakubali, ina mkono wake. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na asubuhi za Juni na Julai umande unaganda kwenye majani. Baridi inakaza mishipa ya mwili, presha inapanda, na moyo unasukuma kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana mtu mwenye anjina hubanwa mapema zaidi asubuhi ya baridi na upepo, au akitoka kula ugali wake. Lakini baridi imefunua tu mshipa uliokuwa umebanwa tayari. Jirani yake wa umri ule ule anapanda kilima kile kile katika baridi ile ile, na kifua chake hakimwambii neno.

Halafu kuna wale wa "babu zetu walipanda milima hii mpaka miaka 90." Babu yupi? Yule aliyeishi. Waliokufa na miaka 55 hawapo kutoa ushuhuda, na walizikwa kwa maneno yale yale ya kifo cha ghafla. Wengine wanasema ni ugonjwa wa Wazungu na matajiri. Ni kweli ulikuwa nadra huku: mwaka 1956 Trowell na Singh walichapisha taarifa ya Mwafrika mmoja tu wa Afrika Mashariki mwenye ugonjwa huu, na ilikuwa habari ya kushangaza. Tangu hapo tumebadilisha mafuta, tumebadilisha kazi, tumepanda magari, presha imejaa mitaani. Utafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta kwamba kati ya watu wazima waliofika dharura na maumivu ya kifua au kukosa pumzi, zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na shambulio la moyo, na wengi wao hawakutambuliwa.

Kinachoniudhi zaidi ni jinsi wanaume tunavyouficha. Mtu aliyekuwa akipanda kwa miguu anaanza kuchukua bodaboda kwa mwendo wa dakika kumi. Anamtuma kijana dukani. Anasimama "kusalimia" kila penye mwinuko mkali. Baada ya mwezi anasema amepona, kwa kuwa hapandi tena. Mama, ukiona mumeo ameacha kilima, usifurahi kwamba kifua kimetulia. Muulize kwa nini ameacha. Na sisi wengine tunachanga mamilioni ya turubai, jeneza na lori la kusafirisha waombolezaji, lakini mtu huyo huyo alipohitaji nauli ya kwenda Mbeya kumwona daktari wa moyo, kila mmoja alikuwa na karo ya shule.

Nenda hospitali ukaseme sentensi yako kabla hujatajiwa ugonjwa: "Nikipanda mlima kifua kinabana, nikisimama dakika chache kinaachia." Sema kilianza lini, na kama siku hizi unasimama mapema zaidi. Utapimwa presha, sukari, lehemu na umeme wa moyo. Hapa pana mtego mwingine: kipimo cha umeme wa moyo ukiwa umelala kitandani kinaweza kutoka safi kabisa kwa mtu mwenye mishipa iliyobanwa, kwa sababu wakati huo moyo haudai kitu. Karatasi safi haifuti maelezo yako. Daktari anayejua atakuanzishia dawa na kukutuma kwenye kipimo cha moyo ukiwa unafanya kazi, na ikibidi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ambako mishipa yenyewe hupigwa picha na uliobanwa ukaweza kuzibuliwa.

Ukipewa kidonge cha kuweka chini ya ulimi, kaa kwanza ndipo ukiweke, maana kinashusha presha. Na mwambie daktari ukweli kama unatumia dawa za nguvu za kiume, zikiwemo zile zinazouzwa stendi kwa kunong'ona. Zikikutana na kidonge hicho mwilini, presha inaweza kuporomoka ukafa papo hapo.

Siku maumivu yatakapokuja umekaa, au yakapita dakika kumi na tano bila kuachia, au yakaja na jasho la baridi na kichefuchefu, hiyo si anjina ya mlima tena, mshipa unaziba. Tafuna aspirini ya miligramu 300, au nne za miligramu 75, isipokuwa kama inakudhuru au unatapika damu. Usiendeshe gari. Usisubiri kuche. Mtu akupeleke hospitali saa hiyo hiyo.