Hasara ni ya nani baada ya saa tatu na dakika ishirini?

Mwanasheria mmoja wa kampuni ya pesa kwa simu alinirudishia rasimu yangu na swali: "Mbona umeandika kama unaongea na mtu?" Kazi niliyopewa ilikuwa kutia vigezo na masharti katika Kiswahili chepesi. Nilidhani kuongea na mtu ndiyo kazi yenyewe.

Wanasheria wana hoja moja ya kweli, na wenzangu watafsiri huipuuza. Kurahisisha kunaweza kuua wajibu. Nimeona toleo la watu wa masoko la sharti la simu kupotea: "Ukipoteza simu, tupigie mapema tukusaidie kufunga akaunti. Linda namba yako ya siri!" Tamu kabisa, ila halina sheria ndani yake. Sharti la Kiingereza lilisema mambo matatu: mteja lazima atoe taarifa mara anapogundua, hasara inayotokea kabla kampuni haijapokea taarifa ni yake, inayotokea baada ya hapo ni ya kampuni, isipokuwa mteja mwenyewe ameshiriki udanganyifu. Kati ya hayo, toleo tamu limebakiza nini? Ushauri wa shangazi.

Hebu tulipime. Mama muuza vitenge anaibiwa simu saa tatu asubuhi. Saa tatu na dakika kumi mwizi, aliyemchungulia akibonyeza namba ya siri, anatoa 200,000. Saa tatu na dakika ishirini mama anaazima simu, anapiga huduma kwa wateja, anapokelewa. Mhudumu anasema sawa mama, tunashughulikia. Saa tatu na dakika arobaini, akaunti ikiwa bado wazi, zinatoka 300,000 nyingine. Kwa sharti la asili, laki mbili ni za mama na laki tatu ni za kampuni. Kwa toleo tamu hakuna anayejua, na asiyejua hadai.

Ila toleo la mwanasheria nalo halikuwa salama kama alivyodhani. Liliandikwa: "Mteja anatakiwa kutoa taarifa na Kampuni itazuia akaunti." Katika Kiswahili chetu, "itazuia" ni wakati ujao tu, kama vile mvua itanyesha. Kitenzi cha lazima cha Kiingereza cha kisheria kimeingia hapa kikavuliwa ulazima. "Anatakiwa" ni mbaya zaidi, hasa kikikanushwa. "Hutakiwi kumpa mtu namba ya siri" ni katazo, lakini "hutakiwi kulipa ada" maana yake huna haja ya kulipa. Neno lilelile, maana mbili zinazopigana, na yote mawili yalikuwa ukurasa mmoja! Kisha kuna "Kampuni inaweza kusimamisha akaunti". Msomaji anaelewa kwamba pengine itatokea, kama mtandao unavyoweza kukatika. Kumbe kampuni inajipa haki ya kuamua.

Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu. Palipo na wajibu naandika "lazima". Palipo na katazo, "usi-" au "hairuhusiwi". Palipo na hiari ya kampuni, "tuna haki ya". Sibadilishi neno kwa sababu tu limejirudia. Mwalimu wa insha atanuna, na anune. Urahisi nautafuta kwingine: sentensi fupi, "wewe" na "sisi", na kila kitendo kiwe na mtendaji wake. Nikaandika:

"Ukipoteza simu au laini, lazima utupigie mara unapogundua. Pesa zikitolewa kwa namba yako ya siri kabla hatujapokea taarifa yako, hasara ni yako. Zikitolewa baada ya sisi kupokea taarifa yako, hasara ni yetu, hata kama bado hatujafunga akaunti, isipokuwa wewe mwenyewe umeshiriki udanganyifu."

Nilimwomba mwanasheria anionyeshe wajibu uliodhoofika. Hakuonyesha. Alisema: "Hapa umewaandikia wateja madai yao." Basi, tumefika. Kilichomtisha ni kwamba sharti sasa linasomeka na upande wa pili. Hiyo "hata kama" haikuongeza kitu: kama mpaka ni kupokea taarifa, uzembe wa kufunga hauusogezi.

Na mkitaka kujua kampuni inaamini Kiswahili chake kiasi gani, shukeni hadi sharti la mwisho: matoleo yakitofautiana, la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Yaani mama wa vitenge anabonyeza "Nakubali" chini ya maandishi ambayo mwandishi wake ameshayakana. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, huku mkataba ulio mkononi mwa muuza vitenge ukikitumia kama pambo. Nilipendekeza tugeuze: kwa mteja aliyesajiliwa kwa Kiswahili, toleo la Kiswahili litawale. Atakayeogopa hilo aitengeneze tafsiri yake vizuri.

Pendekezo hilo lilifutwa. Sharti la simu lilipita, ila "hasara ni yetu" lilirudi limeandikwa "tutajitahidi kukusaidia". Nikaomba jina langu liondolewe.