Chingamu Isiyotafunwa kama Chingamu

Jina la kitu huweza kumpotosha anayekitumia. Ndivyo ilivyo kwa chingamu ya nikotini, dawa inayowasaidia wavutaji sigara kuacha. Mtu akikabidhiwa kitu kiitwacho chingamu hukitafuna kama alivyozoea tangu utotoni: kwa kasi, mfululizo, huku akimeza mate. Baada ya dakika chache koo humwasha, kwikwi humshika, tumbo humchafuka, na hamu ya sigara ingali pale pale. Hapo huitupa pakiti, akawasha sigara, na kuwaambia wenzake kwamba dawa hiyo haifai. Hukumu hiyo si ya haki. Kilichopungua si nguvu ya dawa, bali ni maelekezo. Anayemkabidhi mvutaji dawa hii bila kumwonyesha namna ya kuitumia hajampa dawa kamili.

Dawa yenyewe si ya kubahatisha. Asili yake ni Sweden, ambako mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti Claes Lundgren alimweleza mwanakemia Ove Fernö, wa kampuni ya dawa ya Leo mjini Helsingborg, habari za mabaharia wa nyambizi. Hao hawakuweza kuvuta sigara wakiwa chini ya maji, nao walijiliwaza kwa kuweka tumbaku mdomoni. Fernö alifahamu kwamba kumbe mdomo nao ni mlango wa nikotini, na kwamba mlango huo ungeweza kutumika bila moshi wala lami ya tumbaku. Chingamu iliyotokana na wazo hilo iliidhinishwa Uswisi mwaka 1978 na Marekani mwaka 1984. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kufidia nikotini katika orodha yake ya dawa muhimu.

Lakini mlango wa mdomo una masharti yake, na masharti hayo ni somo la kemia ya sekondari. Nikotini ni besi hafifu. Ndani ya mate huwa katika hali mbili: baadhi ya molekuli zake hubeba ioni ya haidrojeni na hivyo huwa na chaji, na nyingine hazina chaji. Utando laini wa ndani ya shavu huzipitisha kwa urahisi zile zisizo na chaji, na huzizuia zenye chaji. Mate yakiwa na pH ya 8, karibu nusu ya nikotini iko tayari kupita. pH ikishuka hadi 6, ni kiasi cha molekuli 1 tu katika kila 100. Ikishuka hadi 5, ni 1 katika kila 1,000. Nikotini imo mdomoni, lakini haina njia ya kuingia katika damu.

Kwa sababu hiyo watengenezaji hutia ndani ya chingamu chumvi za kaboneti ili mate yaelekee upande wa alkali. Jambo hili si geni Afrika Mashariki. Watumiaji wa ugoro wa mdomoni wameuchanganya na magadi kwa miaka mingi, nao waligundua kwa uzoefu kile ambacho kemia hueleza kwa hesabu: magadi huiachilia nikotini. Tofauti ni kwamba ugoro ni tumbaku yenyewe, pamoja na sumu zake ziletazo saratani, hali chingamu ina nikotini peke yake katika kipimo kinachojulikana.

Sasa mtu akinywa kahawa, soda, bia au maji ya machungwa, kisha akatia chingamu mdomoni papo hapo, huiharibu kazi hiyo yote. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani, akiwamo Jack Henningfield, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu walisukutua kwa kahawa au kinywaji cha kola kabla ya kutafuna. Vinywaji hivyo viliyafanya mate yawe na asidi, na nikotini iliyofyonzwa mdomoni ikawa karibu na hakuna. Ndiyo maana kanuni husema: mtu asile wala asinywe kitu kwa dakika 15 kabla ya kutumia chingamu, wala wakati ingali mdomoni. Hata maji yasiyo na asidi huibeba nikotini na kuipeleka tumboni. Huko asidi huizuia isifyonzwe. Na ile inayofyonzwa baadaye utumboni hupitia kwanza kwenye ini, ambalo huiharibu sehemu kubwa kabla haijafika penginepo mwilini.

Hapo ndipo ilipo sababu ya namna ya pekee ya kutafuna. Ndani ya chingamu nikotini imeshikiliwa na chembechembe za utomvu maalumu, na kila meno yanapoibana, ioni za mate huingia na kuisukuma nje. Basi kutafuna ni kama kufungulia bomba, na shavu ni kama chombo chenye mdomo mwembamba. Bomba likifunguliwa kwa nguvu, chombo hakijai upesi zaidi. Maji humwagika tu. Nikotini imwagikayo humezwa, nayo ndiyo iletayo kwikwi, kiungulia na kichefuchefu.

Kwa hiyo hutafunwa polepole, kwa kawaida mara 10 hadi 15, hadi mtumiaji asikie ladha kama ya pilipili au mwasho mdogo ulimini. Hiyo ni ishara kwamba nikotini imeanza kutoka. Hapo aache kutafuna, na aipumzishe chingamu kati ya shavu na ufizi. Mwasho ukififia, kwa kawaida baada ya dakika 1 hivi, aitafune tena polepole hadi urudi, kisha aipumzishe upande mwingine wa mdomo ili mahali pamoja pasichubuke. Hatua hizi hurudiwa kwa muda wa dakika 30 hivi, mpaka kutafuna kusilete mwasho tena. Jicho la saa si la lazima. Ulimi ndio unaoamuru. Mtu ambaye meno yake ya bandia hunata kwenye chingamu anaweza kutumia kidonge cha kumumunya. Hicho hakitafunwi wala hakimezwi. Huachwa kiyeyuke kwa dakika 20 hadi 30, kikihamishwa mara kwa mara kutoka shavu moja hadi jingine. Na katazo la kula na kunywa ni lile lile.

Uchukuliwe mfano wa mwalimu avutaye sigara 20 kwa siku, ambaye huwasha ya kwanza dakika 10 baada ya kuamka. Kwa kuwa huvuta kabla ya nusu saa kupita, kipimo kinachomfaa ni cha miligramu 4. Angekuwa huvuta baada ya hapo, kingemtosha cha miligramu 2. Katika majuma 6 ya kwanza anatakiwa kutumia kipande 1 kila baada ya saa 1 au 2. Akiamka saa 12 asubuhi na kulala saa 4 usiku, huwa macho kwa saa 16; kwa hiyo atatumia vipande 8 hadi 16. Siku ya kwanza alikunywa kahawa saa 4, wakati wa mapumziko, akatia chingamu mdomoni kikombe kikiwa mkononi, na akaitafuna upesi ili aimalize kabla ya kengele. Aliambulia kwikwi darasani, na jioni akavuta sigara 6.

Hakuhitaji dawa kali zaidi. Alihitaji kupanga saa. Siku ya pili alitumia chingamu saa 3, akiwa anasahihisha madaftari ofisini, nayo ikaisha saa 3 na nusu. Saa 4 alikunywa kahawa yake akaimaliza saa 4 na robo, akangoja dakika 15, na saa 4 na nusu akaanza kipande kingine. Mwasho ulikuja na kupotea kama ilivyopasa, na kwikwi haikuonekana. Hamu ya sigara haikutoweka mara moja, kwa maana moshi huifikisha nikotini kwenye ubongo kwa nukta chache tu, hali chingamu huchukua nusu saa hivi kufikia kilele chake. Ndiyo sababu kipande hutumiwa kwa ratiba, pasipo kungoja hamu ikishapanda ndipo kitafutwe.

Kuna kosa la upande wa pili pia, la kuzidisha. Kwa maelekezo ya Marekani chingamu zisipite vipande 24 kwa siku, na vidonge vya kumumunya visipite 20 kwa siku, wala 5 katika saa 6. Nchi nyingine zimeweka mpaka ulio chini zaidi, kwa hiyo kila mtu afuate karatasi iliyomo ndani ya pakiti yake. Vipande viwili visitiwe mdomoni pamoja, wala kimoja kisifuate kingine bila nafasi. Kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, jasho jembamba na moyo kwenda mbio ni ishara za nikotini iliyozidi, na mtu akiziona aache na kumwona mganga. Baada ya juma la 6 kipande huwa kila baada ya saa 2 hadi 4, na baada ya juma la 9 kila baada ya saa 4 hadi 8, mpaka juma la 12. Mjamzito, mgonjwa wa moyo na kijana aliye chini ya miaka 18 washauriwe kwanza na daktari. Asiyevuta sigara asiiguse kabisa, na pakiti isiachwe mahali ambapo mtoto ataidhani peremende.

Watakuwapo wasemao kwamba hayo yote yameandikwa katika karatasi ya pakiti. Ni kweli, lakini yameandikwa kwa herufi ndogo, na mara nyingi kwa lugha asiyoisoma mnunuzi. Wengine watasema kwamba hii ni nikotini kwa nikotini. Hao nao wanasahau kwamba kinachoua zaidi katika sigara ni moshi wake, na kwamba kipimo cha chingamu hupunguzwa hadi kikome. Dawa za kufidia nikotini zimepimwa katika majaribio mengi, zikaonekana kuongeza uwezekano wa kuacha kwa asilimia 50 hadi 60. Faida hiyo hupotea bure kwa kikombe 1 cha kahawa.

Basi inapasa mwuza dawa atumie dakika 2 kumwambia mnunuzi mambo matatu: atafune mpaka mwasho, apumzishe shavuni, asinywe kitu. Na walimu wa kemia wanaofundisha asidi na besi kwa karatasi ya litmasi wanao hapa mfano ambao mwanafunzi ataweza kuupeleka nyumbani, kwa mzazi aliyekwisha kuitupa pakiti yake ya kwanza.